Kitambaa cha Njano

Jumatano, tarehe 9 Julai 2025. Manyunyu yalianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na hayakukatika. Mlima Meru haukuonekana hata kidogo, na mtaani Ngarenaro kila mtu alitembea na mikono kwapani.

Eunike, ambaye majirani humwita Mama Elinami, alifungua kibanda chake saa mbili kasoro, akawasha jiko la mkaa, akaanza kubadilisha zipu ya hema. Kibanda hicho anakijua kila mpagazi wa Arusha. Wageni wakimaliza kupanda mlima huwa na desturi ya kuwaachia wapagazi vitu vyao: viatu, makoti, glavu, mabegi ya kulalia. Vingi huishia mezani kwa Eunike. Yeye huvifua, huvishona, huvirudisha sokoni, na kazi hiyo imemlisha miaka kumi na sita.

Kuna jambo moja ambalo kwake halina mjadala. Begi la kulalia likifika, hulifua, hulianika siku mbili, kisha hulitandaza mezani na kuliacha lijivimbie. Hapo hupima unene kwa vidole. Likifika vidole vinne bila kugandamizwa, na likimulikwa halina mahali palipobaki kitambaa kitupu, hulishonea kipande chekundu shingoni kwa ndani. Likipungua, hulishonea kipande cha njano. Chekundu maana yake unaweza kwenda nalo hadi kambi za juu. Cha njano maana yake usivuke Shira, kambi za katikati ya mlima. Lebo za kiwandani yeye hazitegemei, kwa sababu zikifuliwa mara tano hufutika, na hata zisipofutika, begi la miaka kumi si begi tena bali ni shuka lenye zipu.

Alianza desturi hiyo mwaka ambao mume wake, Richard, alirudi kutoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, akiwa amekufa ganzi vidole viwili vya mguu wa kushoto. Havikupona. Begi alilolalia usiku ule kila mtu alisema ni zuri.

Saa nne hivi aliingia Solomoni, mpagazi wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi, kuchukua hema.

"Mama Elinami, za baridi?"

"Tunaisukuma. Kaa hapo karibu na jiko, namalizia."

Solomoni alikaa, akatoa simu, akacheka peke yake. "Lakini wewe mama siku hizi umekuwa tajiri wa maneno. Unauza njano kwa sifa za nyekundu."

"Nani?"

"Wewe. Tena umelipamba kama bibi harusi." Akamgeuzia simu.

Ilikuwa picha yake mwenyewe, aliyoipiga Jumapili mchana baada ya ibada, juu ya meza hiyohiyo. Begi la bluu, limefunguliwa nusu, kitambaa cha njano kinaonekana vizuri shingoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia msaidizi wa akili bandia katika soko la mtandaoni anakouzia. Awali alikuwa akiandika mwenyewe, mistari miwili yenye makosa, na mabegi yakakaa mwezi mzima. Safari hii aliweka picha tu, akabonyeza "Andika maelezo", na kabla hajakohoa maelezo yakawa tayari. Alifanya hivyo kwa mabegi kumi na moja. La bluu lilinunuliwa Jumatatu asubuhi.

Sasa aliyasoma upya, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Begi la kulalia la kitaalamu, rangi ya bluu iliyokolea, kofia yenye kamba ya kukaza, zipu ndefu upande wa kushoto. Limejazwa manyoya ya bata. Linahimili baridi hadi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Halipitishi maji. Kitambaa cha njano shingoni ni alama ya ubora ya mtengenezaji kwa mabegi ya miinuko ya juu. Rafiki yako wa kuaminika hadi kileleni."

Rangi ilikuwa kweli. Kofia ilikuwa kweli, na kamba, na zipu ya kushoto. Eunike alikumbuka jinsi alivyosoma Jumapili: kila alichokifikia mwanzoni kilikuwa sawa na kilichokuwa mezani, basi alipofika kwenye manyoya na nyuzi za baridi macho yaliteleza tu, yakiamini kwamba aliyeandika ni mkweli. Chini kulikuwa na kisanduku: "Nimehakiki maelezo haya." Alikitia alama. Mara kumi na moja.

"Hili ni pamba ya plastiki," alisema. "Vidole viwili. Viwili na nusu nikidanganya."

Solomoni aliacha kucheka. "Limeuzwa?"

"Jumatatu. Kwa mtu wa mtaa wa Sokon One."

"Anapanda?"

Eunike alichukua simu yake. Alifungua sehemu ya oda, akapata jina na namba: Lesian. Akapiga. Haikupatikana. Akapiga tena. Akamwandikia ujumbe: "Kaka Lesian, mimi niliyekuuzia begi la bluu. Usilipeleke juu. Nipigie." Alama moja ya kijivu ikatokea, ya pili, ya kuonyesha umefika, haikuja.

Alikaa chini. Ndani ya soko hilo kulikuwa na mahali pa kumuuliza msaidizi maswali, naye akaandika, vidole vikikosea herufi: "Umejuaje nyuzi kumi na nane?"

Jibu lilikuja kwa adabu ileile. "Kiwango cha baridi hakionekani kwenye picha yako. Huenda nilikiandika kwa sababu mabegi yenye umbo kama hili mara nyingi huelezwa hivyo. Aina ya kijazo na kama kitambaa hupitisha maji pia haviwezi kuthibitishwa kwa picha. Nilipaswa kuviacha wazi na kukuuliza. Samahani."

"Na kitambaa cha njano?"

"Nilikiona kwenye picha, lakini sikuwa na njia ya kujua maana yake. Maelezo kwamba ni alama ya mtengenezaji niliyabuni. Kinamaanisha nini?"

Eunike aliifunika simu kifudifudi juu ya meza. Onyo lake mwenyewe, alilolishona kwa mkono wake, lilikuwa limesimama pale kama sifa.

"Inaomba radhi," alisema.

"Radhi haina joto," Solomoni alisema. "Twende Sokon."

Bodaboda mbili ziliwafikisha kwa kuulizauliza. Mke wa Lesian aliitwa Silantoi, mwanamke mwembamba aliyekuwa akimwogesha mtoto ndani ya beseni mlangoni. Alifuta mikono, akainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta baba watoto."

"Ameshaondoka. Jana alfajiri. Wameenda kuanzia geti la Londorosi, siku nane." Aliwatazama wote wawili. "Kuna nini?"

"Ni safari yake ya ngapi?"

"Ya kwanza. Alikuwa fundi ujenzi, kazi ikasimama." Silantoi alitabasamu, kwani alikuwa bado hajajua. "Wewe ndiye mama wa begi? Alilipenda. Jumatatu alilala nalo hapo sakafuni kulijaribu, akaamka anatokwa jasho. Akaniambia, ona, hata kitambaa cha njano kipo, kama walivyoandika."

Nyuma yake, juu ya kitanda, kulikuwa na blanketi zito la kijivu lililokunjwa vizuri. Silantoi aliona macho ya Eunike yalikoelekea.

"Alitaka kwenda nalo, akaliacha. Alisema begi linatosha, na huko getini wanapima mizigo."

Eunike alimwambia. Hakuzungusha maneno. Alisema begi si la kule juu, kwamba maandishi yalikuwa ya uongo, kwamba yalikuwa kwenye jina lake na aliyapitisha bila kuyapima. Silantoi alisikiliza akiwa amemshika mtoto mwenye povu begani.

"Sasa atakufa?" aliuliza.

"Usiseme hivyo," Solomoni alisema.

"Nauliza. Nyie ndio mnajua kule."

Solomoni aliinama, akahesabu kwa vidole, kwa kuwa ndiyo namna pekee aliyoijua ya kujibu. Jana walilala Mti Mkubwa, msituni, hakuna shida. Leo Shira ya kwanza, ataona baridi lakini ataamka. Kesho Shira ya pili. Ijumaa Baranko. Jumamosi Karanga. Jumapili Barafu, karibu mita elfu nne na mia saba, na huko maji ya chupa huganda ndani ya hema.

"Kwenye hema la wapagazi wanalala wengi," alisema. "Wanapeana joto. Lakini mgeni wa kazi huwa anasukumwa pembeni, kwenye turubai. Na ana aibu. Hatasema."

"Hatasema," Silantoi alisema. "Namjua."

Silantoi alilikumbuka jina la kiongozi wa safari: Abdiel. Solomoni alimfahamu, alikuwa na namba yake, nayo haikupatikana. Wakaenda ofisini kwa kampuni iliyomwajiri Lesian. Binti wa mapokezi, Anneth, aliwasikiliza huku akichapa kitu kingine.

"Mama, kule kuna wapagazi thelathini na wawili. Kila mtu na begi lake. Sisi tunakagua ya wageni."

"Huyu hana begi," Eunike alisema. "Ana kitambaa."

"Si ameondoka nalo?"

"Ameondoka nalo. Ndiyo shida."

Anneth aliacha kuchapa. Aliandika jina la Lesian kwenye karatasi ya njano yenye gundi na kuibandika pembeni mwa kompyuta. "Abdiel hupiga jioni akipata mtandao. Shira ya kwanza ni bahati nasibu. Nitamwambia." Eunike aliiangalia ile karatasi mpaka alipotoka.

Jioni Abdiel hakupiga. Saa kumi na mbili Anneth alituma ujumbe wa maneno mawili: "Bado, mama." Ule ujumbe wake kwa Lesian ulibaki na alama moja.

Solomoni ndiye pekee aliyebaki wa kuombwa. Naye alikuwa anaondoka kesho yake na kundi la njia ya Machame la siku sita. Eunike alikuwa amelijua hilo tangu asubuhi, maana hema alilokuwa akilishona lilikuwa la safari hiyo, na alikuwa akilizunguka ombi lake mchana kutwa.

"Nina begi jekundu moja," alisema mwisho, wakiwa wamesimama mlangoni nyumbani kwake.

"Nilijua. Nilikuwa nasubiri uanze."

"Mtawakuta wapi?"

"Sisi na wao tunafika Barafu siku moja, Jumapili." Alijikuna kidevu. "Ila Jumamosi mimi nalala Baranko, wao Karanga. Ni ukuta na bonde katikati. Nikishatua mzigo na kusimamisha hema, kama miguu ipo, naweza kuvuka nikampa kabla ya giza. Kurudi nitajua mwenyewe." Akamtazama. "Unajua mzigo wangu unapimwa kilo ishirini getini, na wewe unaniongezea mbili. Mwanamke wa Kimeru, ukiacha kuuza mabegi utafute kazi ya mahakama, unahukumu watu kwa kuwatazama."

"Ndizi nitakupa."

"Mkungu. Siyo chana."

Hata hivyo siku mbili zilibaki bila jibu, Alhamisi na Ijumaa, na wote wawili walijua.

Begi jekundu lilikuwa la Richard. Hakuwahi kulipeleka mlimani; Eunike alimshonea baada ya vile vidole, akalijaza upya mwenyewe, vidole vitano kamili. Kila Julai mguu ukianza kumuuma hujifunika nalo. Alimkuta chumbani amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya begi.

"Nimelisikia," Richard alisema kabla hajaulizwa. "Solomoni anaongea kwa sauti." Akaanza kutoa miguu, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. "Ulipima?"

"Kupima nilipima. Njano niliishona. Nilichokosa ni kusoma."

"Ulisoma."

"Nilisoma kama mtu anayesifiwa."

Richard alilikunja begi, akalibana kwa goti kutoa hewa, kwa ustadi wa zamani. "Mimi aliyeniambia lile ni zuri hakuwa na nia mbaya. Alikuwa hajui, lakini aliongea kama anajua." Akamkabidhi. "Ukimpata kwenye simu usimbembeleze. Mwambie ni uongo. Ukimwambia 'huenda', atabaki na lile alilolisoma."

Eunike alijilaza na simu kifuani. Hakulala.

Alhamisi asubuhi manyunyu yalikuwa yamekatika lakini mawingu yamekaa palepale. Saa kumi na moja na nusu alikuwa uani kwa kampuni ya kina Solomoni, begi jekundu mkononi, mkungu wa ndizi miguuni. Wapagazi walikuwa wakirusha mizigo juu ya lori. Mmoja alitania kwamba mama amekuja kusindikiza mchumba. Solomoni akamwambia mchumba gani anapewa ndizi mbichi. Alilifunga begi ndani ya mfuko wa nailoni, akalisukuma chini kabisa ya mzigo wake, ambapo lisingelowa. Lori likaondoka.

Saa moja na dakika kumi, akiwa anafungua kufuli la kibanda, simu ililia. Namba ya Lesian.

"Mama shikamoo. Nimeona ujumbe wako. Sasa hivi tunatembea, mtandao umeingia." Upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu. "Usiwe na wasiwasi. Jana kulikuwa na ubaridi kidogo, lakini ni mimi sijazoea. Begi liko vizuri."

"Ulilala?"

"Nililala."

"Lesian, ulilala?"

"Nilikaa macho. Lakini imeandikwa kumi na nane, mama. Na ile alama ya njano ninayo. Nadhani nililifunga vibaya."

"Hukulifunga vibaya. Sikiliza. Ile kumi na nane ni uongo. Haikuandikwa kiwandani. Iliandikwa na kompyuta iliyoona picha, na mimi nikaitia sahihi. Manyoya ya bata ni uongo. Kitambaa cha njano nimekishona mimi, na maana yake ni kwamba begi hilo lisivuke hapo ulipo."

Aliibana simu sikioni.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia." Sauti ilikuwa imeshuka. "Nililiacha blanketi nyumbani."

"Nimeliona."

"Nikishuka sasa, kazi imekwisha. Hawataniita tena."

"Sijakwambia ushuke. Mpe Abdiel simu."

"Mama, mbele ya watu—"

"Mpe."

Alisikia hatua juu ya mawe, kisha sauti nzito. Alimwambia Abdiel yote tena, bila kupunguza: kosa ni lake, si la kijana wa watu, asichekwe. Abdiel alisema hakuwa amepata ujumbe wowote wa ofisi. Kisha akasema, "Sawa. Leo na kesho atalala hema la jikoni, katikati ya mpishi na mimi. Nina koti la ziada. Baranko nikimwona anatetemeka au hasikii vidole, namshusha kwa njia ya Mweka, na siku zake za malipo nitaziandika mimi."

"Jumamosi Solomoni atakuja Karanga na begi jekundu."

"Solomoni huyo mwongo?"

"Huyohuyo."

"Basi atakuja," Abdiel alisema, na mtandao ukakatika.

Eunike alimpigia Silantoi, akamweleza neno kwa neno, pamoja na yale ambayo bado hakuna aliyeyajua. Silantoi alisema, "Asante kwa kuniambia," kisha akakata, na Eunike hakutegemea zaidi.

Aliketi mezani. Aliyaondoa sokoni mabegi kumi yaliyobaki, moja baada ya jingine. Kisha akamrudia msaidizi na kuandika: "Tumia unachokiona kwenye picha tu. Usichokiona, uniulize. Usijaze." Akaweka picha ya begi la kwanza, la kijani. Msaidizi akaandika rangi, zipu, kofia, kiraka kimoja karibu na miguu, kwa maneno mazuri ambayo yeye asingeyapata. Hayo aliyaacha. Chini kukawa na maswali manne: kijazo ni nini, unene ni kiasi gani, limetumika miaka mingapi, kitambaa cha njano kina maana gani?

Alilitandaza begi, akalipapasa mpaka likajivimbia, akaweka vidole. Vitatu. Akajibu la kwanza na la pili. Kwa la tatu aliandika, "Sijui." Kwa la nne aliandika, "Nimekishona mimi. Usilale nalo juu ya Shira." Akasoma yote kuanzia mwisho kwenda mwanzo, begi likiwa mbele yake, akigusa kila kilichotajwa.

Kisha akalivuta la pili.